Uzi: Mteja amekataa kijani cha kwenye prufu na maoni yake yanagongana. Niyapange vipi, na faili za mwisho ziwe zipi?

Mchoraji_Fildi
Wakuu, habari za leo. Niko kwenye mafunzo kwa vitendo katika ofisi ndogo ya usanifu wa michoro hapa Mwanza, na nimekabidhiwa kazi iliyokwisha kuanza: lebo ya chupa ya asali ya gramu 500 ya mteja wa Tabora. Toleo la kwanza lilitumwa kwake kama picha ya WhatsApp, naye akalikubali. Baadaye maoni yakaja kutoka kwa watu watatu. Mkurugenzi alituma ujumbe mrefu wa sauti akisema lebo "ipate uhai". Afisa masoko wake anataka nembo iwe kubwa zaidi. Mfanyabiashara wa jumla anayechukua asali hiyo anataka mchoro wa nyuki ukuzwe, kwa kuwa wanunuzi wake huitambua bidhaa kwa nyuki huyo. Nembo na nyuki viko sehemu moja, juu ya lebo, na nafasi ni ndogo.

Juzi kiwanda cha uchapaji kilitoa prufu moja, na kijani kilichokuwa kinang'aa kwenye simu kimetoka kizito, karibu na rangi ya jani lililoanza kukauka. Mteja anasema hicho sicho alichokikubali. Msimamizi wangu ameniagiza nikusanye maoni yote, niandae toleo jipya, kisha nipange folda ya faili za mwisho. Naomba kujua kijani kimebadilika kwa sababu gani, na maoni yanayogongana hupangwa vipi kabla ya kugusa mchoro.

Kalamu_na_Rula
Karibu kwenye kazi. Sababu ni WhatsApp. Ukituma picha kwa njia ya kawaida, inabanwa na ubora wake unashuka, kwa hiyo mteja alikubali picha iliyoharibika na sasa anailinganisha na kazi halisi. Peleka kiwandani PNG ya dpi 300, kisha mtumie mteja faili hiyo hiyo kama dokumenti badala ya picha, na mgogoro utaisha. Mimi hufanya hivyo kwenye mabango yote.

Fundi_Sahani
Ndugu Kalamu na Rula, nusu ya maneno yako nakubaliana nayo. Ni kweli kwamba WhatsApp hupunguza pikseli za picha, na kutuma kama dokumenti ni desturi nzuri ambayo kila mwanafunzi aishike. Lakini kubanwa huko huonekana kwenye kingo za herufi na kwenye maeneo yenye mabadiliko laini ya rangi. Hakugeuzi kijani kinachong'aa kikawa kijani cha jani kavu. Kuhusu PNG, aina hiyo ya faili haina kabisa CMYK, yaani wino nne za kuchapia: C ya samawati, M ya majenta, Y ya njano na K ya nyeusi. Ukiipeleka kiwandani, umewaachia wao waamue rangi zako zigeuzwe vipi.

Mimi nimefanya kazi ya kuandaa faili kabla ya sahani za uchapaji kwa muda mrefu, na malalamiko ya kijani ni miongoni mwa yale yanayokuja mara nyingi. Skrini hutoa mwanga, na kijani ni mojawapo ya rangi zake tatu za msingi, yaani RGB, hivyo inaweza kukitoa kikali sana. Karatasi haitoi mwanga. Kijani chake hutengenezwa kwa wino wa C na wino wa Y vikipandana, na mchanganyiko huo una kikomo. Rangi ya skrini iliyo nje ya kikomo hicho itasogezwa ndani, utake usitake, na njia ya kuisogeza ndiyo huamua kama itabaki safi au itachafuka.

Dada Mchoraji, fungua faili halisi ya kazi, bofya kijani hicho, utuandikie tarakimu zake. Kisha waulize kiwandani walipokea faili gani, na kijani hicho kilisomeka vipi kwenye mashine yao baada ya kugeuzwa. Angalia zaidi M. Kijani kikiingiwa na M nyingi, hapo ndipo huanza kuelekea kahawia.

Binti_Kadi
Pole mpenzi. Mimi natengeneza kadi za harusi, na wateja wa kukataa kazi ninao kila msimu. Usikubali kabisa kuendelea bila malipo ya awali ya nusu. Bibi harusi mmoja alinibadilishia rangi ya kadi baada ya ukumbi kubadilisha mapambo, na kama nisingekuwa na malipo ya awali, karatasi zote zingekuwa hasara yangu. Mteja akishalipa hupunguza maneno.

Mchoraji_Fildi
Asante dada Binti Kadi. Malipo yako mikononi mwa msimamizi na sina mamlaka nayo. Langu ni mchoro na mpangilio wake.

Fundi Sahani, nimefuatilia. Faili la kazi lilianzishwa kwa RGB, na kijani chake ni R 0, G 200, B 80. Kiwandani walipokea PDF yenye rangi hiyo hiyo ya RGB. Opereta ameniambia mashine ilikigeuza kuwa C 82, M 24, Y 96, K 9.

Fundi_Sahani
Hiyo M 24 pamoja na K 9 ndiyo iliyokichafua. Badilisha faili kuwa CMYK wewe mwenyewe ndani ya Illustrator, kupitia File > Document Color Mode > CMYK Color, lakini usiishie hapo, kwa sababu programu nayo itageuza kwa hesabu zake. Baada ya kugeuza, andika tarakimu za kijani kwa mkono. Anza na C 75, M 0, Y 100, K 0. Hakitang'aa kama cha simu, kwa kuwa wino wa kufanya hivyo haumo katika hizo rangi nne, ila kitakuwa kijani safi. Tunza nakala ya faili la RGB kabla ya kugeuza, maana ukilirudisha la CMYK kuwa RGB, ung'avu uliopotea haurudi.

Jambo la pili ambalo naona watu hulisahau ni maandishi madogo meusi, yale ya viambato na anwani. Nyeusi ya RGB ikigeuzwa huwa mchanganyiko wa wino zote nne. Kwenye herufi ndogo, sahani moja ikisogea kidogo tu, herufi hupata ukungu wa rangi pembeni. Fungua Window > Separations Preview, weka tiki kwenye Overprint Preview, kisha uzime sahani ya K peke yake. Maandishi yakiendelea kuonekana, ujue yamechanganyika. Yaweke K 100 tupu.

Mzee_wa_River_Road
Salamu kutoka Nairobi. Namheshimu Fundi Sahani, lakini nadhani tumeihukumu tarakimu kabla ya kuuliza juu ya stika yenyewe. Hapa kwetu tunachapa lebo za mitungi kila wiki. Kuna stika nyeupe na kuna stika ya plastiki angavu. Kwenye ile angavu, kama hakukuwekwa wino mweupe chini ya rangi, kijani huchanganyika na rangi ya asali iliyo ndani ya chupa, na hata tarakimu zako zikiwa safi namna gani utaona kijani kizee. Je, prufu hiyo waliitazama mezani au ikiwa imebandikwa kwenye chupa? Tena ilifunikwa kwa plastiki ya kung'aa au ile iliyofifia?

Mchoraji_Fildi
Mzee, shikamoo. Ni stika nyeupe, na mteja aliitazama mezani. Imefunikwa kwa plastiki isiyong'aa, kwa sababu afisa masoko alisema inaonekana ya hadhi.

Mzee_wa_River_Road
Marahaba binti. Basi la stika angavu nimeliondoa, ila la plastiki isiyong'aa nalishikilia. Utando ule hutawanya mwanga juu ya rangi, na rangi zote zilizokolea hupoa kidogo. Kijani na nyeusi ndizo huonyesha zaidi. Ukirekebisha tarakimu peke yake na kuacha utando huo, mteja huenda akakukatalia mara ya pili. Waombe kiwandani wakate prufu hiyo hiyo mbili, moja na utando na nyingine bila.

Fundi_Sahani
Sipingi kwamba utando hupoza rangi. Ninachopinga ni kuufanya chanzo. Utando hupunguza ukali wa kijani, hauongezi M.

Kalamu_na_Rula
Nami nauliza, mteja aliikubali picha kwa simu gani? Simu nyingi za sasa hukoleza rangi kwa makusudi, na mwenye simu hajui. Inawezekana hata skrini ya ofisini haikuwahi kuonyesha kijani alichokiona yeye. Kwa hiyo suala la njia ya kutuma bado lina uzito, hata kama nilikosea kuhusu PNG.

Mratibu_wa_Kazi
Uzi mzuri, lakini swali la pili limeachwa, nami naliona gumu kuliko la rangi. Nimekuwa kiungo kati ya wateja na wasanifu katika ofisi ya matangazo Dar es Salaam, na kazi nyingi nilizoona zikivurugika zilivurugika kwa sababu msanifu alianza kurekebisha baada ya kusikia maoni ya kwanza, wakati ya tatu yalikuwa bado njiani.

Dada Mchoraji, usifungue Illustrator kwanza. Fungua jedwali. Kila ombi lipewe namba na mstari wake, hata kama yalisemwa manne katika pumzi moja. Andika nani alisema, maneno yake kama alivyoyatamka, halafu safu nyingine ya namna wewe ulivyoelewa, na ya mwisho ya hali yake. Tenganisha maneno ya mteja na uelewa wako, kwani ukiandika "kukoleza rangi" pale aliposema "ipate uhai", umeshamjibu kabla ya kumwuliza. Pengine anataka herufi nene, au anaona lebo ina nafasi tupu nyingi.

Kisha gawa maombi katika mafungu matatu. Kuna makosa ya ofisi, kama herufi iliyokosewa au rangi iliyogeuzwa vibaya. Haya hurekebishwa bila kuhesabiwa. Kuna marekebisho ya kile kilichokubaliwa, ambayo yamo ndani ya awamu za makubaliano. Ofisi nyingi hutoa mbili au tatu. Na kuna kazi mpya iliyovaa nguo ya marekebisho, mfano kuongezewa lebo ya kifuniko. Fungu la tatu si lako kulikubali wala kulikataa. Lipe rangi tofauti kwenye jedwali, umwonyeshe msimamizi.

Nembo na nyuki navyo usivitatue kwa kutafuta ukubwa wa katikati, maana vyote viwili vitabaki vidogo na wote wawili watanung'unika. Huo ni mgongano wa mteja na mteja, nao hurudishwa kwake ukiwa swali moja lililo wazi: katika eneo hili la juu, mnunuzi aone kipi kwanza? Ambatisha michoro miwili ya haraka, mmoja nembo ikitawala na mwingine nyuki, na uombe jibu la mtu mmoja aliyeteuliwa kusema kwa niaba ya wenzake. Jibu likija kwa simu, liandike upya kwa barua pepe: "Kama tulivyozungumza, tumeelewa kwamba..."

Binti_Kadi
Hapo kwa mtu mmoja nakubali kwa mikono miwili. Kwenye harusi huwa na kamati nzima, na mimi nimejifunza kumwuliza mwenyekiti jina la msemaji kabla ya kuchora hata ua moja.

Kijana_wa_Moshi
Mratibu, mimi nina shaka na wewe. Mwanafunzi wa fildi hastahili kumwandikia mteja barua pepe ya "tumeelewa kwamba". Nilipokuwa fildi, msimamizi alinikataza kuwasiliana na mteja moja kwa moja, na naona alikuwa sahihi, kwa sababu neno la mwanafunzi mteja hulichukua kama neno la ofisi.

Mratibu_wa_Kazi
Barua anaiandaa yeye, anaituma msimamizi. Lakini asikie ujumbe wa sauti mwenyewe, asisimuliwe. Maoni yakipita midomo miwili, "punguza kidogo" huwa "ondoa".

Kijana_wa_Moshi
Ofisi nyingine msimamizi hana muda wa kutuma, na barua hukaa siku nzima. Sijashawishika, ila kuusikiliza ujumbe mwenyewe nakubali.

Mchoraji_Fildi
Wakuu, nimefanya kama Mratibu alivyoelekeza, na jedwali limenitolea jambo ambalo hakuna aliyekuwa ameliona. Ujumbe wa mkurugenzi ni wa dakika kadhaa, na wote ofisini walikuwa wakinukuu mwanzo wake. Karibu na mwisho anasema chupa mpya anazoagiza "ni za 450 sasa", halafu anaendelea na habari za usafiri. Lebo yetu bado inasomeka gramu 500. Nimeliandika kuwa ombi namba 7, na msimamizi amempigia simu kuthibitisha: ni kweli, uzito ni gramu 450.

Kuhusu uhai, mkurugenzi alipoulizwa alijibu kwamba lebo yake ikiwa rafuni inamezwa na za jirani. Kwa hiyo hakuwa anazungumzia kijani peke yake.

Fundi_Sahani
Hongera kwa kusikiliza hadi mwisho. Sasa kabla ya kubadilisha tarakimu 500 kuwa 450 na kuendelea, je, lebo ina msimbo wa mistari?

Mchoraji_Fildi
Unao, wa tarakimu 13, unaanza na 620.

Fundi_Sahani
620 ni kiambishi cha GS1 Tanzania, shirika linalotoa namba za msimbo wa mistari. Kwa kanuni za GS1, kiasi halisi kilichotangazwa kwenye bidhaa kikibadilika, bidhaa hiyo hupewa namba mpya, kwa sababu duka lenye chupa za 500 na za 450 kwa namba moja haliwezi kuzitenganisha kwenye bei wala kwenye hesabu ya bidhaa. Mwulizeni mteja kama ameshapata namba ya 450. Usiichore wala kuinakili kutoka bidhaa nyingine. Ukiipata, mistari iwe K 100 tupu juu ya nyeupe, na uache nafasi tupu pande zote mbili. Ukiipunguza, usishuke chini ya asilimia 80 ya kipimo chake cha kawaida, ambacho ni upana wa milimita 37.29 pamoja na hizo nafasi.

Mzee_wa_River_Road
Na isiwe ya kijani wala nyekundu kwa ajili ya urembo. Mistari myekundu, kisomeo cha mwanga mwekundu hakiioni kabisa. Nimeshaona katoni zikibandikwa stika nyeupe juu ya msimbo kwa sababu hiyo.

Mchoraji_Fildi
Namba mpya mteja anaifuatilia. Wakati huo nimeanza kupanga folda hivi, naomba mnikosoe.

```
lebo-asali-450g/
  01_maoni/
  02_kazi/
  03_prufu/
  04_mwisho/
```

Ndani ya `02_kazi` nimeacha matoleo yote kwa namba, la sasa likiwa `lebo-asali-450g_v04.ai`. Nilipopokea kazi kulikuwa na faili tatu zenye neno "final" na hakuna aliyejua ipi ilichapwa prufu.

Mratibu_wa_Kazi
Folda inatosha. Ongeza kitu kimoja: namba ya toleo ichapwe kwa herufi ndogo nje ya mstari wa kukata kwenye kila prufu, na kwenye jedwali uandike ombi lipi limetimizwa katika toleo lipi. Mteja akisaini, anasaini v04, siyo "ile ya juzi". Na neno "mwisho" lisiingie kwenye jina la faili lolote kabla ya saini.

Kalamu_na_Rula
Ndani ya `04_mwisho` mimi ningeweka PDF ya kuchapia, JPEG ya kuonyesha, na nembo yenyewe kwa SVG na PNG yenye mandhari angavu. Safari hii PNG iko mahali pake, Fundi.

Fundi_Sahani
Iko mahali pake kabisa, kwa ajili ya tovuti na simu. Nembo ya CMYK iende kwa PDF ya vekta. PDF ya kuchapia iwe na ziada ya milimita 3 kila upande nje ya mstari wa kukata, na picha zozote ziwe na dpi 300 kwa ukubwa zitakaochapwa nao. Picha ndogo ukiivuta mara mbili, dpi zake hushuka nusu. Uihifadhi kama PDF/X-1a, ambayo hairuhusu RGB kupenya, hivyo kisa cha kijani hakitajirudia kimya kimya.

Mzee_wa_River_Road
Sisi tunaomba PDF/X-4. X-1a hubana vivuli na uwazi wote kuwa kipande kimoja, na mara nyingine huacha mistari myembamba kwenye skrini inayomtisha mteja. Lebo yenye kivuli chini ya nyuki itasumbua.

Fundi_Sahani
X-4 huruhusu RGB kupita ikiwa na profaili yake. Kwa kiwanda chenye mfumo mpya hilo halina tatizo. Kwa kiwanda kilichokwisha kugeuza kijani mara moja bila kuuliza, siwezi kumshauri mwanafunzi hivyo. Dada awaulize wao wanataka ipi, kisha ahakikishe hakuna RGB ndani, vyovyote itakavyokuwa.

Kijana_wa_Moshi
Na faili la `.ai` mteja anapewa? Mimi nasema hapana. Alilipia lebo, siyo jikoni.

Mratibu_wa_Kazi
Inategemea makubaliano yaliyoandikwa, na mengi hayasemi lolote. Mimi huona ni vyema litolewe kwa bei iliyotajwa mapema, kwa sababu mteja wa asali atabadilisha uzito tena.

Binti_Kadi
Mimi huwa natoa tu, wakarudi wakarudi.

Mchoraji_Fildi
Hilo nitamwachia msimamizi. Kwa fonti, niligeuza herufi zote kuwa michoro kwa Shift+Ctrl+O kwenye nakala ya kuchapia tu, `lebo-asali-450g_v04_uchapaji.ai`, na v04 ya kazi imebaki na maandishi yanayoharirika.

Kiwanda wamekubali kutoa vipande vitatu kesho: kijani cha C 75, M 0, Y 100, K 0 chenye utando usiong'aa, hicho hicho chenye utando wa kung'aa, na hicho hicho bila utando. Mkurugenzi mwenyewe atavitazama, na ndiye aliyeteuliwa kuwa msemaji. Kuhusu sehemu ya juu, amechagua nyuki.

Mzee_wa_River_Road
Avitazame dirishani mchana, si chini ya taa ya ofisi, na vikiwa vimebandikwa kwenye chupa iliyojaa asali. Akichagua utando wa kung'aa nitadai haki yangu kwa Fundi.

Fundi_Sahani
Hata akiuchagua, M ilikuwa 24. Dada, ukishapata saini, tuandikie alichochagua, na usisahau kuandika aina ya utando kwenye jedwali lile lile pamoja na tarakimu za kijani, maana watakaochapa upya mwaka ujao hawatakuwa nyinyi.